Tone la Mwisho la Asidi: Rangi ya Methili Oranji au Namba ya Mita?

Chupa ya asidi hidrokloriki inapofika maabara, lebo yake huwa na maneno ya kutia moyo: asilimia 37, uzito wa kilo 1.18 kwa lita. Ukipiga hesabu kwa namba hizo, unapata asidi yenye nguvu ya takriban moli 12 kwa lita. Lakini mtu yeyote aliyewahi kufungua chupa hiyo ameona moshi mweupe ukipanda kutoka mdomoni mwake. Moshi huo ni asidi yenyewe inayoondoka. Chupa iliyofunguliwa mara kadhaa haina tena nguvu iliyoandikwa kiwandani, na hata chupa mpya huuzwa kwa kiwango kinachoweza kucheza kati ya asilimia 35 na 38.

Kwa hiyo fundi wa maabara anayehitaji asidi ya moli 0.1 kwa lita huanza kwa kukisia. Huchukua mililita 8.5 hivi za asidi kali ndani ya kabati la kuvutia moshi, akazimimina polepole kwenye maji mengi yaliyokenekwa, kisha akajaza maji hadi lita moja. Asidi humiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi, kwa sababu joto linalozuka linaweza kuirusha usoni. Alichopata ni asidi ya “karibu” 0.1. Inaweza kuwa 0.098, inaweza kuwa 0.103. Kwa kuoshea vyombo inatosha. Kwa kupima ualkali wa maji ya bomba, au kwa kujua dawa ina kiasi gani cha kiambato chake, haitoshi hata kidogo.

Hapo ndipo kazi ya kuisanifisha asidi inapoanza, maana yake kutafuta nguvu yake halisi kwa kuipambanisha na kitu ambacho kiasi chake kinajulikana bila shaka. Kitu hicho, katika maabara nyingi, ni sodiamu kaboneti.

Sodiamu kaboneti si ngeni Afrika Mashariki. Ziwa Magadi, katika Kaunti ya Kajiado nchini Kenya, limefunikwa na ukoko wa trona, madini ambayo ndani yake kaboneti na bikaboneti zimeshikana pamoja na maji. Kampuni ya kuchimba magadi hayo iliundwa mwaka 1911, na tangu siku hizo kazi kuu ya kiwanda imekuwa kuchoma trona ili maji na hewa ya ukaa vitoke na kubaki kaboneti kavu inayohitajiwa na viwanda vya kioo na sabuni. Magadi ya aina hiyo yanafaa kwa kioo, lakini hayafai kusanifishia asidi, kwa kuwa yana chumvi nyingine ndani yake, zikiwamo kloraidi na floraidi. Maabara hununua kaboneti iliyosafishwa maalumu, ambayo cheti chake huonyesha usafi wa zaidi ya asilimia 99.9.

Faida ya unga huo ni kwamba hautoi moshi wala haubadiliki uzito ovyo ukishakauka vizuri. Ukijua uzito wake unajua idadi ya moli zake: gramu 105.99 ni moli moja. Tatizo lake ni moja tu, nalo ni kubwa. Kaboneti hunyonya unyevu wa hewani, na pale inapokutana na unyevu pamoja na hewa ya ukaa, sehemu yake hugeuka bikaboneti. Kwenye mji wa pwani wenye hewa nzito, kopo lililoachwa wazi mezani haliwezi kuaminiwa tena.

Dawa yake ni joto, tena joto la kutosha. Oveni ya kukaushia vyombo vya kioo, iliyowekwa nyuzi 110, hufukuza unyevu wa juu juu lakini haihakikishi kwamba bikaboneti yote imerudi kuwa kaboneti. Kaboneti huchomwa kwenye nyuzi 250 hadi 270 kwa saa kadhaa, ikiwa imetandazwa nyembamba kwenye kibakuli. Kupandisha moto kupita nyuzi 300 hakusaidii, kwani hapo kaboneti yenyewe huanza kuvunjika kidogo kidogo. Ikitoka humo hupozwa ndani ya desiketa, chombo cha kioo chenye kifuniko kizito na dawa ya kunyonya unyevu chini yake. Namna ya kujua kwamba imekauka ni kuipima, kuirudisha motoni nusu saa, kuipoza na kuipima tena. Uzito ukibaki palepale, tofauti isizidi nusu miligramu, imekauka. Ukipungua, bado.

Kuipima nako kuna adabu yake. Unga haumwagwi juu ya karatasi ukaachwa pale wakati mtu anatafuta kalamu. Kichupa kidogo chenye kifuniko hupimwa kikiwa na unga, kisha kiasi fulani humiminwa kwenye flaski, na kichupa hupimwa tena. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo uzito ulioingia flaskini. Kwa njia hiyo, unga uliobaki mdomoni mwa kichupa hauhesabiwi, na unga uliomo flaskini hauna haja ya kukaa kwenye sahani ya mizani ukinyonya unyevu.

Tuchukue mfano wenye namba. Flaski ya kwanza imepata gramu 0.2086 za kaboneti. Hakuna sababu ya kuhangaika kufikisha gramu 0.2000 kamili. Mwenye kuhangaika hivyo huongeza na kupunguza unga kwa kijiko huku hewa ikiuharibu, na mwisho hesabu inakuwa ileile. Kinachotakiwa ni kujua uzito, si kuuchagua. Kiasi hicho kimechaguliwa kwa sababu moja tu: kitatumia karibu mililita 40 za asidi, yaani sehemu kubwa ya bureti ya mililita 50. Kosa la tone moja, takriban mililita 0.05, likigawanywa kwa 40 ni asilimia 0.13. Lingegawanywa kwa 10 lingekuwa nusu asilimia.

Kaboneti huyeyushwa kwa maji yaliyokenekwa, kama mililita 60, na bureti hujazwa asidi baada ya kusuuzwa kwa asidi hiyohiyo. Kinachofuata hutokea kwa hatua mbili, na anayezijua hatua hizo hatashangazwa na lolote litakalotokea baadaye. Asidi inapoanza kuingia, kila kaboneti hupokea kipande kimoja cha asidi na kuwa bikaboneti. Hatua hiyo huisha katikati ya safari, pH ikiwa karibu 8.3, mahali ambapo fenolfthaleni, ile POP ya wanafunzi wa Tanzania, hupoteza rangi yake ya waridi. Asidi ikiendelea kuingia, bikaboneti nayo hupokea kipande cha pili na kuvunjika kuwa maji na hewa ya ukaa. Hatua ya pili huishia karibu na pH 4, na ndiyo inayotumika kusanifisha asidi, kwa sababu ni kali zaidi na kosa lake hugawanywa kwa ujazo mkubwa maradufu.

Ila hewa ya ukaa haiondoki yote. Sehemu hupanda kama mapovu madogo yanayoshika ukuta wa flaski, na sehemu kubwa hubaki imeyeyuka majini, ikifanya asidi hafifu. Asidi hiyo hafifu ndiyo chanzo cha karibu kila ubishi unaohusu mwisho wa titresheni hii.

Mwanafunzi wa kidato cha nne anaijua methili oranji kwa jina la MO. Katika maji yenye alkali ni ya njano, katika asidi ni nyekundu, na hubadilika kati ya pH 4.4 na 3.1 ikipitia rangi ya chungwa. Aliyeiingiza katika kazi hii ni Georg Lunge, mwanakemia wa Zurich aliyetumia maisha yake kwenye kemia ya viwanda vya magadi. Mwaka 1878 alipendekeza rangi hiyo kwa sababu ya kazi ngumu iliyowasumbua wapimaji. Kabla yake walitumia litimasi, ambayo hewa ya ukaa huidanganya vibaya, hivyo kila kipimo cha magadi kililazimu kuchemshwa mara kwa mara hadi mwisho. Methili oranji hugeuka kwenye pH ya chini kiasi kwamba asidi hafifu ya hewa ya ukaa haiwezi kuigeuza kikamilifu. Mpimaji akaweza kumaliza titresheni maji yakiwa baridi.

Hilo lilikuwa jambo kubwa kwa viwanda, na bado ni sababu nzuri ya kuitumia. Lakini “haiwezi kuigeuza kikamilifu” si sawa na “haiigusi.” Maji yaliyojaa hewa ya ukaa, kwa viwango vya mfano wetu, yana pH ya karibu 4, yaani ndani kabisa ya eneo la mabadiliko ya rangi. Matokeo yake ni kwamba rangi haigeuki ghafla. Inatoka njano, inakuwa njano iliyofifia, inapata wekundu kidogo, inakuwa chungwa, na kila tone linaongeza kidogo tu. Kwa gramu 0.2 za kaboneti kwenye mililita 100 hivi za maji, kati ya dalili ya kwanza ya rangi kubadilika na mwisho halisi kuna takriban mililita 0.2 za asidi. Hiyo ni nusu asilimia. Wapimaji wawili wenye macho mazuri, mmoja akisimama rangi inapoanza kugeuka na mwingine akingoja chungwa iive, watatofautiana kiasi hicho na kila mmoja ataapa kwamba yuko sahihi.

Kuna mambo mawili yanayotuliza ubishi huo. La kwanza ni flaski ya kulinganishia, yaani maji yenye pH 4 na idadi ileile ya matone ya methili oranji, ikisimama pembeni juu ya karatasi nyeupe. Jicho la binadamu halikumbuki rangi vizuri, lakini hulinganisha rangi mbili zilizo pamoja kwa ustadi mkubwa. Matone yasizidi mawili au matatu. Rangi ikiwa nzito, mabadiliko madogo hayaonekani.

La pili ni kuchemsha, na hili linafaa kutazamwa kwa karibu. Asidi humiminwa mpaka rangi ya njano inaanza tu kuyumba. Flaski huwekwa juu ya moto na kuchemka taratibu kwa dakika mbili au tatu. Maji yanapoanza kuchemka, mapovu madogo hujaa kwa wingi kuliko ya maji ya kawaida, kisha hupungua. Halafu, bila kuongezwa chochote, rangi hurudi kuwa njano safi. Mtu anayeiona mara ya kwanza hudhani amekosea. Hajakosea: asidi hafifu iliyokuwa ikisukuma rangi imeondoka pamoja na mvuke, na iliyobaki ni bikaboneti kidogo ambayo bado haijapata asidi yake. Flaski hupozwa chini ya bomba, kuta zake husuuzwa kwa maji machache, na titresheni humaliziwa. Sasa tone moja au mawili yanatosha kutoka njano hadi chungwa. Kupoza ni lazima, kwani eneo la mabadiliko la methili oranji husogea maji yakiwa ya moto.

Kuchemsha, hata hivyo, kunaleta deni jipya ambalo vitabu vya shule mara nyingi hulinyamazia. Hewa ya ukaa ikishaondoka, mwisho halisi hauko tena kwenye pH 4. Uko juu zaidi, karibu na pH ya maji yenyewe. Methili oranji haijui habari hiyo. Inaendelea kungoja mpaka pH ifike 4 ndipo ionyeshe chungwa. Kufikisha mililita 100 za maji kwenye pH 4 kunahitaji mililita 0.1 hivi za asidi ya moli 0.1, na hizo hazikupigana na kaboneti hata kidogo. Zimetumika kuigeuza rangi tu. Deni hilo hulipwa kwa flaski tupu: maji kiasi kilekile, matone yaleyale ya methili oranji, chumvi kidogo ya mezani iliyo safi ili kufanana na chumvi iliyotengenezwa kwenye titresheni, kisha asidi hutiwa mpaka rangi ilingane. Kiasi kilichotumika hutolewa kwenye kila kipimo. Asiyefanya hivyo atapata asidi dhaifu kuliko ilivyo kwa takriban robo ya asilimia.

Katika mfano wetu bureti ilisoma mililita 38.81, flaski tupu ikala 0.10, na kilichobaki ni 38.71.

Mita ya pH ilikuja kutoka upande mwingine kabisa. Kipimo chenyewe cha pH kilibuniwa mwaka 1909 na Søren Sørensen katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg, Copenhagen. Chombo cha kukisoma kwa urahisi kilipatikana mwaka 1934 huko California, pale Arnold Beckman alipoombwa na mkemia wa chama cha wakulima wa machungwa na malimau amsaidie kupima uchachu wa juisi ya limau. Moyo wa chombo ni elektrodi yenye kitone cha kioo chembamba ambacho hutoa volti ndogo inayobadilika kadiri asidi inavyobadilika: kwenye nyuzi 25, kila hatua moja ya pH ni milivolti 59.

Watu wengi hudhani kazi ya mita ni kutaja pH ya mwisho, kisha mpimaji asimame namba fulani inapojitokeza. Kwa kusanifisha asidi, hiyo ni njia dhaifu. Mita ikiwa imekosea kwa 0.2, mwisho nao unasogea. Nguvu ya mita iko kwenye kuonyesha mporomoko. Karibu na mwisho, pH huanguka kwa kasi, na mahali inapoanguka kwa kasi kuliko pengine pote ndipo mwisho ulipo, hata kama namba zote zimepanda au kushuka pamoja kwa kosa la mita. Mwongozo wa Marekani wa upimaji wa maji, unaotumiwa na maabara za maji sehemu nyingi duniani, unaelekeza hivi: asidi itiwe hadi pH 5 hivi, elektrodi itolewe na kusuuzwa ndani ya bika hilohilo, bika lifunikwe kwa kioo cha saa na lichemke polepole dakika tatu hadi tano, lipozwe, kioo kisuuzwe, ndipo elektrodi irudi na titresheni imaliziwe kwa kutafuta mporomoko. Kwa maneno mengine, hata mwenye mita hasamehewi kuchemsha.

Namba zinavyoonekana ni hivi, bika likiwa na kiasi kilekile cha kaboneti na limekwisha kuchemshwa na kupozwa. Bureti ikiwa 38.50, mita inasoma 7.4. Ikifika 38.60 inasoma 7.1. Kwenye 38.70 ni 5.8. Kwenye 38.80 ni 4.0. Kwenye 38.90 ni 3.7. Anguko la kwanza ni 0.3, la pili 1.3, la tatu 1.8, la nne 0.3 tena. Kasi kubwa iko kati ya 38.70 na 38.80. Lakini si katikati kabisa, kwa sababu anguko la kabla yake lilikuwa kubwa na la baada yake dogo, jambo linalovuta mwisho kuelekea 38.70. Hesabu ya kugawa tofauti hizo inatoa 38.72. Methili oranji, baada ya kutoa flaski tupu, ilitoa 38.71. Na mita haihitaji flaski tupu kwa ajili ya rangi, kwa kuwa haingoji pH 4.

Njia nzuri ya kujifunza jambo hili, ambayo walimu wangeweza kuitumia popote palipo na mita moja tu, ni kuweka vyote viwili katika bika moja: matone mawili ya methili oranji na elektrodi. Rangi haiisumbui elektrodi. Mwanafunzi huandika pH kila mililita 0.1 na pembeni yake huandika rangi anayoiona. Akifanya mara moja bila kuchemsha, ataona mporomoko uliolala, pH ikishuka polepole kutoka 5 hadi 4, na rangi ikigeuka kwa uvivu uleule. Akifanya tena kwa kuchemsha, ataona mteremko umesimama, na rangi ikigeuka mara moja, ila baada ya mporomoko kupita. Hapo deni la flaski tupu halihitaji kuelezwa tena, kwa sababu liko mbele yake kwa namba.

Sasa, kipi kichaguliwe? Jibu linategemea nani anapima, wapi, na asidi itatumika wapi baadaye.

Mita inashinda pale macho yanaposhindwa. Njano na nyekundu ni rangi mbaya kwa mtu asiyetofautisha rangi vizuri, hali inayowapata wanaume wengi zaidi kuliko wanawake, na wapo mafundi ambao hawakujua kwamba wanayo mpaka methili oranji ilipowaumbua. Taa ya njano ya balbu nayo humnyang’anya mpimaji yeyote uwezo wa kuona njano ikibadilika, kwa hiyo kazi hii hufanywa mchana karibu na dirisha au chini ya taa nyeupe. Maabara isiyokuwa na mita lakini inataka rangi iliyo wazi zaidi inaweza kutumia bromokresoli kijani, inayotoka buluu kwenda njano kati ya pH 5.4 na 3.8, pamoja na kuchemsha. Wengi wenye uzoefu huipendelea kuliko methili oranji, na wana haki.

Methili oranji inashinda pale mita isipotunzwa. Elektrodi ni kitu kinachozeeka. Ikiachwa ikauke, au ikihifadhiwa kwenye maji yaliyokenekwa badala ya myeyusho wa potasiamu kloraidi, huwa nzito kujibu. Dalili yake ni namba isiyotulia: tone limeingia, mita inasoma 5.6, baada ya nusu dakika 5.3, baada ya dakika 5.1. Mpimaji mwenye haraka huandika ya kwanza na kuongeza tone jingine, na mporomoko wake wote unasogea mbele. Kabla ya kazi, mita hurekebishwa kwa bafa mbili, za pH 4 na pH 7, kisha hutazamwa asilimia ya mteremko inayoandikwa kwenye kioo. Ikiwa kati ya 95 na 105, elektrodi ni nzima. Ikishuka chini ya 90, afadhali matone mawili ya methili oranji na flaski ya kulinganishia. Rangi, tena, haina haja ya umeme.

Lakini kuna namba zinazoteleza hata kwa elektrodi nzima, nazo huonekana pale bika lisipochemshwa. Hewa ya ukaa inaendelea kutoroka huku kijiti cha sumaku kikikoroga, kwa hiyo pH inapanda polepole baada ya kila tone kushuka. Tofauti ya dalili hizi mbili ni mwelekeo. Elektrodi nzito hutambaa kuelekea chini baada ya asidi kuingia. Hewa inayotoroka huivuta namba kwenda juu.

Sababu ya tatu ya kuchagua ni matumizi. Asidi itakayotumika kesho kupima ualkali wa maji ya kisima kwa methili oranji, bila kuchemsha na kwa jicho la mtu yuleyule, ni busara isanifishwe kwa methili oranji kwa taratibu zilezile. Sehemu kubwa ya kosa la kuchelewa au kuwahi rangi itajifuta yenyewe, kwa kuwa imo pande zote mbili. Ikisanifishwa kwa mita kisha ikatumiwa kwa rangi, kosa linabaki bila mwenzake.

Flaski tatu za mfano wetu zilikwenda hivi, ujazo wote ukiwa umekwisha kutolewa flaski tupu. Gramu 0.2086 zilitumia mililita 38.71, gramu 0.2153 zilitumia 39.93, na gramu 0.1994 zilitumia 36.99. Hesabu ni uzito ugawanywe kwa 105.99, uzidishwe mara mbili kwa kuwa kila kaboneti hula asidi mbili, kisha ugawanywe kwa ujazo ulio katika lita. Majibu ni 0.10168, 0.10174 na 0.10172. Wastani wake ni 0.1017 moli kwa lita, na tofauti kati ya la juu na la chini haifiki hata asilimia moja ya kumi. Mpimaji ana haki ya kufurahi.

Ila afurahi kwa tahadhari, maana namba zinazopatana si lazima ziwe za kweli. Tuseme kaboneti ileile haikukaushwa na ilibeba asilimia 2 ya maji. Gramu 0.2086 zingekuwa na kaboneti gramu 0.2044 tu, asidi ingetumika mililita 37.93, na hesabu ingetoa 0.1038 badala ya 0.1017. Flaski ya pili ingetoa karibu hivyohivyo, na ya tatu pia. Zote tatu zingepatana vizuri kabisa na zote zingekuwa na kosa lilelile. Mita ya bei yoyote haiwezi kuligundua, kwa sababu mita hutazama mwisho wa titresheni, na kosa liliingia kwenye mizani. Linagunduliwa kwa njia mbili: kuichoma upya kaboneti na kurudia, au kuipambanisha asidi na kitu kingine kilicho safi, kama vile boraksi. Majibu yakitofautiana kwa asilimia 2, oveni ndiyo ya kutazamwa kwanza.

Joto nalo halisahauliki katika maabara za nchi zetu. Maji kutoka nyuzi 22 hadi 30 huvimba kwa takriban asilimia 0.2. Asidi iliyosanifishwa asubuhi ndani ya chumba chenye kiyoyozi, ikatumika mchana umeme ukiwa umekatika, imeshapoteza kwa kuvimba kiasi kikubwa kuliko kosa la tone moja. Ndiyo maana lebo ya chupa iliyosanifishwa vizuri hubeba maandishi zaidi ya namba moja: HCl 0.1017 moli kwa lita, tarehe, joto la chumba, jina la aliyepima, na maneno mafupi yanayosema mwisho ulipatikana vipi, iwe ni methili oranji baada ya kuchemsha na kutoa 0.10, au mita kwa mporomoko.